Pongezi Bila Proforma

Mimi Gasaro nina ulimi, sikatai, Kamembe nzima inajua. Lakini kitu kimoja hakuna atakayenisingizia: mtu wa hapa akipanda cheo, akifungua duka, akipata mtoto, mimi nimeshafika kumpongeza kabla wengine hawajamaliza kuulizana kama ni kweli. Nafika, nasema langu, nakunywa Fanta moja kama wanatoa, naondoka. Pongezi ni kama uji, ukipoa nani anautaka?

Shemeji yangu Hakimu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa ananicheka. Tunashona naye katika atelie moja nyuma ya soko.

"Maman Ikirezi," ananiambia, kwa jina la mtoto wangu, "unapongeza bantu kama vile banakulipa mushahara."

"Banalipa," namjibu. "Ni wewe tu hauonake siku ya malipo."

Mfano ni Papa Buhendwa. Alipofungua famasi yake kwenye barabara ya kituo cha mabasi, nilifika asubuhi ya kwanza. Nikamwambia: "Papa Buhendwa, hongera. Nimeona umeweka benchi bagonjwa bakalie. Hapa Kamembe hakuna mwingine aliyefikiria hilo." Basi. Hakimu alikuwa mlangoni anakonyeza jicho hadi likakaribia kutoka, nitaje kwamba tunashona. Sikutaja. Wiki tatu baadaye Buhendwa alikuja mwenyewe atelie, akaagiza makoti meupe manne. Aliniambia siku ile ya kufungua alipongezwa na watu kumi na mmoja, na kumi kati yao walimwomba dawa za bure hapo hapo. Mimi ndiye niliyebaki kichwani mwake.

Sasa mwaka huo ninaotaka kuwaambia ni 2002. Vita ya Congo ilikuwa katika mwaka wake wa nne. Tulipofungua atelie, maharusi wa Bukavu walikuwa wanavuka daraja la Rusizi kuja kwetu Rwanda na vitenge vyao, tunawashonea familia nzima, hadi shangazi. Vita ikakata hayo. Mtu ambaye hajui kesho atalala wapi hashoni nguo ya harusi. Tulibaki na mashini nne na watu wanne: mimi, Hakimu, Nyiraneza wa Mibirizi, na Mukandori, aliyekuwa analea watoto sita, watatu wake na watatu aliowaokota mwaka wa msiba wa 94. Tukakaa chini tukakubaliana. Pasaka ikipita bila kazi kubwa, tunauza mashini, kila mmoja atafute njia yake. Mukandori aliinamia sindano yake. Alitia uzi, akautoa, akautia tena.

Jumatatu moja ya Februari, Nyiraneza akaingia anahema.

"Maman Ikirezi! Jana, kisha misa, padiri ametangaza dirictrisi mupya wa ile shule ya mabinti kule kwetu juu, ile iliyofungwa tangu mwaka wa msiba. Banaifungua tena na mabinti themanini. Na dirictrisi ni Patricie!"

"Patricie gani?"

"Yule mwalimu alikulia Bukavu. Yule unasemaka mulisoma pamoja kushona, kwa masista."

Nikakaa. Patricie! Mkuu wa shule! Tulikaa benchi moja miaka miwili Bukavu, mimi Mwislamu wa Kamembe, yeye binti wa wakimbizi wa Rwanda wa zamani, aliyezaliwa huko huko. Tulikula muhogo wa sahani moja. Mwaka wa 96 vita ilipofika Bukavu kila mtu alikimbia na upande wake. Baadaye nilisikia amerudi Rwanda, anafundisha upande wa Nkungu. Nkungu si Ulaya. Ningeweza kwenda. Lakini nilisema nitaenda wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa miaka mitano. Ukinyamaza na rafiki muda mrefu, hujui tena uingilie wapi, maana ukifika mikono mitupu atauliza: ulikuwa wapi?

Sasa mlango ulikuwa umefunguka wenyewe. Mtu akipata cheo, hakuna anayekuuliza kwa nini umekuja.

Niliandika barua siku ile ile. Ninaikumbuka neno kwa neno: "Patricie, nimesikia umekuwa dirictrisi, nimefurahi hadi nimeacha kazi mezani. Nakumbuka kwa masista, mwenzetu akishindwa kukata mkono wa gauni, wewe ndiye uliyebaki naye hadi anajua, hata kengele ikilia. Hao mabinti wamepata mtu. Hongera sana. Gasaro." Nikaishia hapo. Hakimu alisoma juu ya bega langu.

"Na sare je? Mabinti themanini, Maman Ikirezi! Themanini! Na hakuna mwenye sare!"

"Hakimu, funga mudomo, funga na bahasha. Umupe Valens apeleke." Valens ni kijana wa moto, yaani pikipiki, anayepandisha abiria Mibirizi. Mimi nikaenda kuswali Alasiri.

Siku tatu baadaye Valens alisimamisha moto mbele ya atelie, akanipa bahasha. Nikaifungua nikicheka, nikijua ni jibu la rafiki. Ndani kulikuwa na proforma, karatasi ya bei. Proforma yetu! Sare themanini, sketi na blauzi, bei ya moja, bei ya jumla, muhuri wa atelie umepigwa mara mbili ili usikosekane. Chini yake, kwa wino mwekundu wa mwalimu, mistari miwili: "Nimepokea proforma. Pongezi sijaiona. P."

Nilihisi masikio yanawaka.

"Hakimu! Njo hapa! Njo hapa sasa hivi!"

Alikuja anarudi nyuma, sijui kama mnaelewa mwendo huo.

"Maman Ikirezi, sikia. Shule ikitaka kununua, kamati inatafuta proforma tatu, inalinganisha. Nilitaka yetu ifike ya kwanza. Ni kosa? Mkono mtupu haulambwi!"

"Mkono mtupu haulambwi, ndiyo. Lakini hata ng'ombe halambi mkono wenye kamba! Barua yangu imefika kwa Patricie kama kamba, wewe muntu! Ataisoma namna gani tena? Kila neno nililoandika, kengele, mkono wa gauni, vyote vimekuwa ujanja wa kuuza sketi!"

Nyiraneza na Mukandori waliinamia mashini zao kama watu wanaotafuta sindano iliyopotea. Hakimu alisema pole mara tatu, na ya tatu ilitoka moyoni, niliiona. Lakini pole ya Hakimu haipandi kilima kwenda Mibirizi.

Nilichukua karatasi nieleze. "Patricie, siyo mimi, ni shemeji." Nikaichana. Nikaandika nyingine, ndefu zaidi, nikaichana. Ya tatu nayo. Maana nilipokuwa naandika hiyo ya tatu kitu kilinichoma. Sitaki kuwadanganya. Siku nilipoandika ile pongezi, mabinti themanini walikuwa wamesimama kichwani mwangu, wote bila sare, wote wakinitazama. Kalamu yangu haikuomba, lakini moyo wangu ulikuwa umeshapiga muhuri. Hakimu alichofanya ni kuweka kwenye karatasi kile nilichoficha. Patricie hakukosea kusoma.

"Usiandike tena," Mukandori akasema. Huwa hasemi, basi sote tukamgeukia. "Ukijitetea, ni kuomba tena. Safari hii unaomba musamaha. Ngoja akuwe na furaha ingine, umupongeze kwa ile."

"Furaha gani?"

"Jumamosi banafungua shule," Nyiraneza akasema. "Kila muntu ameitwa. Na hamujui anachofanya Patricie! Ametembea na miguu, toka Nkungu hadi kwetu, nyumba kwa nyumba, anaongea na bazazi baachilie mabinti baje kusoma. Kwa mama yangu amefika mara mbili. Mara ya kwanza mama alimukatalia. Mara ya pili amekuta mama shambani, akashika jembe, akalima naye hadi jua kali. Mudogo wangu ameandikishwa."

Nikaweka kalamu chini. Hilo sikulijua. Nilijua cheo chake, sikujua kazi yake.

Jumamosi nilivaa kitenge changu cha Idi. Hakimu naye alikuwa amevaa koti, tayari kwa safari. Nikamwambia ageuze mifuko. Akakataa. Nikaigeuza mwenyewe, na wallahi, ndani ya mfuko wa kifuani ilikuwemo proforma nyingine, imekunjwa mara nne.

"Ni ya... kama bataulizia," akasema.

"Wewe unabaki na mashini."

Nilipanda moto ya Valens peke yangu. Njia nzima nilikuwa napigana na nafsi yangu. Nafsi inasema: Pasaka imebaki wiki nne, Gasaro, taja tu kidogo, taja kwa mbali. Nikaiambia: tukipata tusipate, huyu mwanamke amelima shamba la mtu ili binti mmoja asome. Hilo linatosha mtu kupanda kilima kusema hongera. Tulipofika pale njia ya miguu inapoanzia nilishuka, na nilikuwa nimetulia kabisa.

Shule ilikuwa na paa jipya na madirisha bado yananuka rangi. Mabinti walisimama mistari minane, kila mmoja na nguo yake ya nyumbani, wengine na za kaka zao. Patricie alikaa mbele. Amenenepa kidogo, miwani imeongezeka, lakini shingo ni ile ile, imenyooka. Aliniona. Aliniangalia sawasawa, kisha akaangalia pembeni.

Hotuba zikaanza. Yoo, hotuba! Bwana mmoja wa mbao alimpongeza dirictrisi "kwa niaba ya wote wenye mbao", akakumbusha kwamba madawati mazuri ni ya mbao kavu, na yeye anazo. Mwenye mashini ya kusaga alimpongeza na kumbe ana unga. Mwingine alimpongeza hadi akasahau jina lake, akamwita Pélagie, lakini hakusahau kutaja kwamba mpwa wake ana diploma ya ukarani na yuko nyumbani tu. Kila mmoja akiinuka, Patricie alitabasamu na mdomo. Macho yalikuwa yanachoka. Nilimwonea huruma, na nilijionea haya, maana mimi nilikuwa kwenye mstari huo huo, hata kabla yao.

Msema chochote, yaani mshereheshaji, akauliza kama kuna rafiki wa dirictrisi anayetaka neno. Nikainuka.

"Mimi naitwa Gasaro, nashona Kamembe," nikaanza, na nikasikia watu wanajiweka sawa, sasa itakuja sketi. "Patricie, nimekuja kukupongeza. Cheo si kitu, cheo kinatoka kwa barua. Paa nalo linaletwa na misaada. Lakini mabinti themanini hawaletwi na misaada. Hawa umewaleta na miguu yako, nyumba kwa nyumba. Kuna mama hapa alikukatalia, ukarudi, ukashika jembe lake. Mimi sijui mwalimu mwingine aliyelima shamba ili apate mwanafunzi. Hongera. Nimemaliza."

Nikakaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa bado wanangoja. Msema chochote alinisogelea, akauliza taratibu lakini kila mtu alisikia: "Maman, na ombi lako?"

"Ombi gani? Nimesema hongera."

Mama mmoja nyuma, naamini ni yule mwenye shamba, akapiga kigelegele. Mwingine akampokea. Kikazunguka uwanja mzima, mabinti nao wakakipandisha, hadi bwana wa mbao akalazimika kupiga makofi. Patricie alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge. Sikwenda kwake. Watu walikuwa wamemzunguka, na ukishapongeza, ondoka, usisimame hapo kama mtu anayengoja chenji. Nilikunywa Fanta yangu, nikashuka kilima.

Atelie walikuwa wananisubiri wote watatu.

"Amesema nini?" Hakimu akauliza.

"Hajasema kitu."

"Na wewe?"

"Nimesema hongera."

"Halafu?"

"Hakuna halafu, Hakimu."

Alitikisa kichwa, akarudi kwenye mashini ya nne, akaanza kuipaka mafuta ili mnunuzi aione inang'aa. Sikumlaumu. Mukandori alinitazama akatabasamu kidogo, na msiniulize kwa nini, lakini hilo tabasamu lilinitosha siku ile.

Jumatatu, Valens akasimamisha moto. Bahasha. Nikampa Nyiraneza aifungue. Akasoma kwa sauti: "Gasaro. Sasa pongezi nimeiona. Kamati inakutana Jumatano, inataka proforma tatu, ina mbili. Lete ya tatu na kipande cha kitambaa. Nitatoka nje wakati wanachagua, kwa sababu wewe ni rafiki yangu. Mukishindwa mumeshindwa. P."

Rafiki yangu! Nilimwambia Nyiraneza arudie mstari huo. Akarudia. Nikamwambia arudie tena.

"Sasa naweza kuandika proforma?" Hakimu akauliza kwa adabu ambayo sijawahi kumwona nayo.

"Andika, shemeji. Piga muhuri mara moja tu."

Usiku na mchana havikuwa na maana kwetu hadi Jumatano. Mukandori alishona sare moja ya mfano, mshono wa ndani mara mbili, na kola iliyolala vizuri. Nyiraneza ndiye aliyeipeleka, mimi nilikataa kwenda, nisije nikaonekana nasukuma. Alituhadithia baadaye. Kamati ilikuwa ya watu watano, na Patricie kweli alitoka akakaa kwenye ngazi. Walivuta mishono ya wote watatu kwa nguvu. Wa kwanza uliachia kwapani. Wa pili ulikuwa mzuri, lakini kitambaa kilipakwa maji kikatoa rangi. Wetu ulivutwa na yule mwenye mashini ya kusaga, mwanaume mwenye mikono kama koleo, na haukusogea. Watano wote waliinua mkono.

Ijumaa saa nne asubuhi nilisikia honi, na juu ya honi nyimbo. Soko lote liligeuka. Daihatsu ilikuwa inapita katikati ya wauza nyanya, imejaa mabinti wamesimama, wanaimba kwa sauti ya kupasua mabati. Arobaini wa kwanza. Gari lilikuwa lirudi kuwachukua wengine. Wachuuzi walicheka, watu wa moto walipiga honi kuitikia, na Papa Buhendwa alitoka famasi na koti lake jeupe akaja kuniambia hongera. Hakimu alisimama juu ya stuli anapunga futi ya kupimia hewani, anapiga kelele: "Ni kwetu! Banakuja kwetu!" Mukandori alikuwa ameweka mikono kichwani, analia na kucheka pamoja, anasema mashini haziuzwi, mashini haziuzwi.

Patricie alishuka mbele, kando ya dereva. Hakimu akakimbia mbele na daftari la vipimo. Patricie akampita kama nguzo, akaja hadi mbele yangu. Tulitazamana. Miaka sita ilikuwa hapo katikati, na hakuna aliyejua aikanyage wapi.

"Gasaro," akasema, "mbele ya kazi, niseme neno langu. Nilisikia unafungua atelie, mwaka wa 98. Nilisikia pia mume wako amekufa, na haukuifunga hata wiki moja. Nilitaka kuja. Nikasema, nitaingia na nini mukononi? Sina hata kitambaa cha kumupa ashone. Nikaacha wiki ipite, na ingine. Lakini Jumamosi umenionesha. Hakuna kitu kinachohitajika mukononi." Akanishika mabega. "Hongera kwa atelie, Gasaro. Hongera kwa kushikilia bantu bako hadi leo. Umefanya vizuri sana. Nimemaliza."

Miaka minne nilikuwa nimepongeza mji mzima. Wenye famasi, wenye vyeo, wenye mapacha. Hadi asubuhi ile, hakuna hata mmoja aliyekuwa amefikiria kunipongeza mimi kwa atelie hii, na mimi mwenyewe sikujua kwamba nilikuwa nangoja. Nililia mbele ya mabinti arobaini na soko zima la Kamembe, na sina aibu. Patricie naye alilia, akavua miwani, akanikumbatia hadi kilemba changu kikaanguka, na mabinti wakapandisha kigelegele.

Kisha nikaokota kilemba, nikajifunga, nikachukua futi kutoka mkononi mwa Hakimu.

"Haya," nikasema. "Wa kwanza ni nani?"